Kibarua wa miezi mitano anakatwa SHIF, hospitali inasema hajalipiwa. Bima ya kampuni nayo, ana haki au hana?

Kijana wa Makadara (Jumatano, 4 Juni 2025)

Wadau habari za jioni. Mdogo wangu anafanya kazi ghala moja la vinywaji Mlolongo. Aliingia Jumatatu tarehe 6 Januari mwaka huu kama kibarua. Analipwa shilingi 800 kwa siku, siku sita kwa wiki, pesa inaingia kwa M-Pesa kila Jumamosi. Hajakosa kazi tangu aanze, isipokuwa Pasaka walipofunga.

Wiki iliyopita tumbo lilimshika usiku akakimbizwa hospitali ya kaunti. Kumbe ana mawe kwenye nyongo na daktari anasema afanyiwe upasuaji kabla hali haijawa mbaya zaidi. Pale dirishani wakaangalia kitambulisho chake wakamwambia amesajiliwa SHA, ile mamlaka ya bima ya afya ya serikali, lakini hajalipiwa. Na kila wiki kikaratasi chake kinaonyesha amekatwa 132 za SHIF, mchango wa bima hiyo hiyo!

Akaenda kwa afisa wa wafanyakazi. Jibu: vibarua hawana bima, bima ni ya walioajiriwa. Lakini kuna kijana aliyeajiriwa Aprili, bado yuko kwenye majaribio, na tayari ana kadi ya bima ya kampuni. Maswali yangu ni mawili. Kibarua wa miezi mitano bado ni kibarua kisheria? Na tunajuaje tarehe hasa ambayo mtu anaanza kuhesabika kwenye bima?

---

Wakili wa Mtaa

Hapo kampuni imeshika makaa kwa mkono. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kufikia mwezi mmoja, mkataba wake unageuka kuwa wa mwezi. Akipita miezi miwili tangu siku ya kwanza anapata masharti sawa na mwajiriwa mwingine yeyote. Yeye aliivuka miezi miwili tarehe 6 Machi. Kwa hiyo kuanzia hapo wampe kadi kama hiyo ya mwenzake. Wasipompa ni ubaguzi, na ubaguzi umekatazwa kifungu cha 5. Mwambie aandike barua ya madai hata kesho.

---

Nyuki Mkali

Wakili amefika. Sasa tunangoja hakimu na karani wa mahakama tuanze.

---

Dereva 44

Mimi kibarua mwenzangu alivunjika mguu akishusha mizigo na mwajiri akalipa kila kitu, hospitali na siku alizokaa nyumbani. Kwa hiyo msidanganyike kwamba kibarua hana bima. Anayo kuanzia siku ya kwanza, hata saa ya kwanza. Mdogo wako apeleke makaratasi ya hospitali kazini walipe.

---

Karani Mstaafu

Dereva, hiyo ya mguu ni fidia ya ajali kazini, sheria nyingine kabisa. Ni kweli inamhusu kibarua tangu anapoingia getini, lakini mawe ya nyongo hayakutokana na kushusha kreti. Huko hatapata kitu.

Nilikaa miaka mingi kwa dalali wa bima nikishughulikia orodha za wanachama za makampuni, kwa hiyo nitaongea ninachokijua. Hapa watu wanachanganya bima mbili. Ya kwanza ni SHIF, ambayo ni ya sheria. Ni asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, na mwajiri anatakiwa aifikishe SHA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. SHIF haina habari na majaribio wala kuthibitishwa. Ukilipwa mshahara, unakatwa, na ukikatwa lazima ifike. Hesabu ya huyo kijana iko sawa: 800 mara sita ni 4,800, na asilimia 2.75 yake ni 132.

Ya pili ni bima ya kampuni, ile ya kadi. Hiyo hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kuinunua. Anayenunua ndiye anayeamua nani aingie na lini. Akisema wa majaribio wanaingia siku ya kwanza na vibarua hawaingii kabisa, mkataba wake na kampuni ya bima utafuata hivyo hivyo.

---

Wakili wa Mtaa

Karani, huwezi kumwacha mwajiri ajiamulie. Kifungu cha 37 kimeshamtoa huyo kijana kwenye kundi la vibarua. Anaitwa kibarua kwa mdomo tu.

---

Mama Pendo

Kifungu cha 37 nakijua kwa sababu kilinihusu mwenyewe shambani kwa maua Naivasha. Soma mpaka mwisho, Wakili. Kinasema anapata masharti ambayo angestahili *chini ya sheria hii* kama asingeanza kama kibarua. Yaani likizo ya mwaka, siku za ugonjwa zenye malipo, notisi ya kuachishwa kazi. Kadi ya bima ya kampuni haimo kwenye sheria hiyo. Mimi nilipata siku zangu za ugonjwa, saba za malipo kamili na saba za nusu. Kadi sikuipata. Na kifungu cha 5 kinataja jinsia, kabila, dini, ulemavu, hali ya ukimwi na mengine ya aina hiyo. Ukibarua sijauona humo.

---

Wakili wa Mtaa

Mahakama inaweza kutafsiri kwa upana. Na kifungu cha 37 hicho hicho kinaipa mahakama uwezo wa kubadilisha masharti ya mkataba. Hilo hamlisemi.

---

Nyuki Mkali

Nyongo inangoja upasuaji, mahakama inangoja mwaka kesho. Endeleeni.

---

Kijana wa Makadara

Asanteni nyote. Kwa hiyo tuiache kadi tufuate SHIF kwanza? Nimempigia sasa hivi akabonyeza *147# ya SHA mbele ya rafiki yake. Kusajiliwa yuko. Upande wa malipo hauonyeshi kitu cha mwaka huu.

---

Karani Mstaafu

Anza na SHIF, ndiyo itakayomlipia upasuaji mapema zaidi. Lakini kabla hujamwita mwajiri mwizi, fanya jambo moja. Mwambie afungue ujumbe wa M-Pesa wa Jumamosi iliyopita akusomee jina la aliyetuma pesa. Usimuulize anafanya kazi wapi, muulize nani anamlipa.

---

Kijana wa Makadara

Eh! Si jina la kampuni ya ghala. Ni jina la kampuni nyingine ambayo mimi sijawahi kuisikia. Anasema hao ndio waliomchukulia kitambulisho siku ya kwanza pale getini, akadhani ni ofisi ya ghala.

---

Karani Mstaafu

Nilijua. Huyo ni wakala wa kuleta wafanyakazi. Ghala linamlipa wakala, wakala anamlipa mdogo wako. Kwa hiyo mwajiri wake kwenye karatasi ni wakala, na bima ya kadi ya yule kijana wa Aprili ni ya ghala. Wamekaa kwenye orodha mbili tofauti ingawa wanabeba kreti moja. Na yule afisa wa ghala aliyemjibu hana hata uwezo wa kumwona kwenye orodha yake ya mishahara.

SHIF yake basi anatakiwa kuifikisha wakala, na maswali yaende huko.

---

Binti wa Likoni

Samahani mwenye uzi naingilia. Mimi sina shida ya ukibarua, niko hotelini Kwale na mkataba nilipewa vizuri. Nilianza tarehe 1 Februari kwa majaribio ya miezi mitatu, yakaisha 30 Aprili. Barua ya kuthibitishwa nimepewa imeandikwa tarehe 9 Mei, lakini ndani inasema nimethibitishwa kuanzia 1 Mei. Mkataba wangu unasema bima ya matibabu ya mimi na watoto itaanza mfanyakazi anapothibitishwa.

Mtoto akaugua homa ya mapafu akalazwa tarehe 20 Mei siku tatu. Hospitali wakaangalia wakasema hatumo. Nikalipa mfukoni 31,400. Kadi ilipokuja, tarehe ya kuanza ni 26 Mei. Sasa mimi nishike tarehe ipi, 1, 9 au 26?

---

Bongo Asilia

Poleni jirani. Huku kwetu Tanzania mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3 nyingine kwenda NHIF. Hiyo yenu ya 2.75 mwajiri anaongeza ngapi?

---

Mama Pendo

Haongezi hata ndururu. Yote ni ya mfanyakazi. Ndiyo maana inauma ikikatwa isifike.

---

Mzee Kobe

Binti, shika ya 9 Mei. Barua ni barua. Tarehe iliyo juu ya barua ndiyo siku ulijulishwa, na huwezi kuthibitishwa kabla hujajulishwa.

---

Wakili wa Mtaa

Hapana Mzee. Mwajiri mwenyewe ameandika "kuanzia 1 Mei". Tena hata asingeandika chochote, majaribio yaliisha 30 Aprili. Sheria inaruhusu majaribio yasiyozidi miezi sita na yanaweza kuongezwa, lakini kwa kukubaliana na mfanyakazi. Binti hakukubali nyongeza yoyote. Kwa hiyo 1 Mei.

---

Karani Mstaafu

Hapa leo nakubaliana na Wakili, andikeni tarehe.

Lakini Binti, kuna 1 Mei ya mwajiri wako na 26 Mei ya kampuni ya bima, na kila moja ni ya kweli kwa mwenyewe. Kilichotokea nakiona kama nilikuwepo. Afisa wa hoteli hutuma orodha ya wapya mara moja kwa mwezi, akingoja wafike wengi. Orodha ina jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, daraja la bima na watoto. Kuna safu moja ya mwisho: tarehe ya kuanza. Akiiacha wazi, au akitaka kuokoa ada ya siku chache, kampuni ya bima inaandika siku iliyopokea orodha. Wakaipokea 26. Ada nayo ikahesabiwa kuanzia 26 mpaka mwisho wa mwaka wa bima yenu. Wewe kwa kampuni ya bima tarehe 20 ulikuwa mtu usiyejulikana, na hospitali ilikuwa inasoma orodha hiyo hiyo.

Sasa sikiliza. Mikataba mingi ya makampuni niliyoishika ilikuwa na kipengele cha kuongeza wapya ndani ya siku 30 tangu wastahili. Kama ya hoteli yenu inacho, kutoka 1 Mei hadi 26 Mei ni siku 25, mko ndani. Mwambie afisa wako aombe tarehe irekebishwe iwe 1 Mei na walipe ada ya siku hizo 25. Wakikubali, peleka stakabadhi za hospitali, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini na fomu ya madai iliyosainiwa na daktari. Fanya haraka, kwa sababu madai ya kurudishiwa pesa nayo yana muda wake kwenye mkataba.

---

Mzee Kobe

Kampuni ya bima haiwezi kukubali kurudisha tarehe nyuma mtu akishaugua. Ni sawa na kukatia nyumba bima ya moto huku moshi unatoka dirishani. Mimi nimekataliwa mara kibao.

---

Karani Mstaafu

Wengi hukataa, Mzee, hilo ni kweli, hasa kama mwajiri hakutoa taarifa ndani ya muda. Lakini bima ya kundi la wafanyakazi si kama ya mtu mmoja anayekuja mwenyewe akijua anaumwa. Hapa kila anayethibitishwa anaingia, hachagui, kwa hiyo bima hawana hofu sana kwamba anaficha ugonjwa. Nimeona zikikubaliwa na nimeona zikikataliwa kwenye kampuni ile ile, kutegemea nani ameandika barua.

Wakikataa, Binti bado ana mwajiri. Mwajiri aliahidi bima kuanzia kuthibitishwa. Kuchelewa kutuma orodha si kosa la Binti.

---

Binti wa Likoni

Asante sana Karani. Nilipomwambia afisa kuhusu 31,400 alisema "tutaliangalia". Hilo ndilo jibu la kila kitu pale. Nitaandika barua pepe sasa ili kuwe na maandishi. Nimeomba pia anionyeshe hicho kipengele cha siku 30, akasema mkataba na kampuni ya bima ni siri ya ofisi.

---

Mama Pendo

Siri gani wakati ni bima yako? Usimwombe mkataba mzima, hatakupa. Piga simu kwenye namba iliyo nyuma ya kadi, wape namba yako ya uanachama, uliza tarehe uliyoingia na ya watoto. Wao watakusomea bila shida. Na usiulize tu kama unayo bima, maana watakujibu ndiyo ukate simu ukifurahi. Uliza tarehe. Watoto wakati mwingine huwekwa siku nyingine kabisa kwa sababu cheti cha kuzaliwa kilichelewa kufika.

---

Kijana wa Makadara (Alhamisi, 12 Juni)

Nimerudi na habari. Jumanne tulienda ofisi za wakala, ziko ghorofani juu ya duka la vifaa vya umeme, hazina hata kibao. Mama mmoja mpole akafungua kompyuta akatuonyesha malipo ya SHIF ya Januari hadi Aprili, akasema ya Mei wamelipa Jumatatu tarehe 9. Tukaangalia namba ya kitambulisho cha mdogo wangu kwenye orodha yake. Tarakimu mbili za katikati zimebadilishana nafasi. Yeye mwenyewe akashtuka. Amesema atarekebisha.

Jana *147# bado haikuonyesha kitu.

---

Nyuki Mkali

Kwa hiyo kuna mtu mahali fulani Kenya anaumwa kichwa analipiwa bila kujua kwa nini. Hongera kwake.

---

Karani Mstaafu

Namba iliyogeuzwa ni ya kawaida sana, hasa pale orodha zinapoandikwa upya kwa mkono kila mwezi. Lakini usitoke hapo na maneno ya mdomo. Omba karatasi ya malipo ya kila mwezi ikionyesha mstari wa mdogo wako, uende nayo ofisi ya SHA iliyo karibu pamoja na kitambulisho halisi na vile vikaratasi vyake vya wiki. Kurekebisha orodha ya Juni peke yake hakutahamisha ya miezi mitano iliyopita. Mwajiri aandike barua ya kuomba malipo yahamishiwe kwenye namba sahihi.

Jumlisha pia vikaratasi vyenyewe. Mwezi wenye Jumamosi nne ni 528, wenye tano ni 660. Ukikuta wakala alilipa 300 kila mwezi wakati amekata zaidi, hapo una swali jingine.

---

Kijana wa Makadara

Subiri kidogo nitazame picha niliyopiga... Januari ana Jumamosi tatu tu za malipo, 396. Kwenye orodha yao Januari ni 300, Februari 300, Machi 300, Aprili 300. Zote 300!

---

Wakili wa Mtaa

Sasa hiyo si namba iliyogeuzwa tena. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinasema anayemkata mfanyakazi lazima apeleke alichokata, asipopeleka ni kosa la jinai. Hapa hata Karani hawezi kunipinga.

---

Karani Mstaafu

Sikupingi. Ila naona sababu mbili zinazowezekana. Ama wanakula tofauti, ama waliwaandika vibarua wote kiwango cha chini, maana 300 ndiyo kiwango cha chini kabisa cha SHIF kwa mwezi, huku mashine ya mishahara ya wiki ikikata kwa asilimia. Kwa mdogo wako matokeo ni yale yale. Kwa afisa wa kazi wa kaunti si yale yale, kwa hiyo vikaratasi mvitunze vyote.

---

Fundi Saba

Mimi nadhani mnahangaika bure. Mdogo wako alijisajili lini SHA? Kama ni wakati hana kazi, aliulizwa maswali ya nyumba ina paa gani, anatumia maji gani, akapewa kiasi cha kulipa kwa mwaka mzima. Basi mfumo unamwona kama mtu asiye na mwajiri, na unangoja alipe hicho cha mwaka. Hata wakala akilipa sawasawa hataonekana mpaka hali yake ibadilishwe kuwa mwajiriwa. Ilimpata shemeji yangu.

---

Kijana wa Makadara

Alijisajili Novemba mwaka jana, hana kazi. Na maswali ya paa aliulizwa kweli.

---

Mama Pendo

Mimi nilijisajili vivyo hivyo nikiwa sina kazi, nikaja kupata kazi, na malipo ya mwajiri yalionekana bila mimi kubadilisha chochote. Fundi, huenda shemeji yako tatizo lake lilikuwa lingine.

---

Fundi Saba

Au lako ndilo lilikuwa bahati. Ofisini walimwambia hivyo kwa kinywa chao, si mimi nimetunga.

---

Kijana wa Makadara

Nitauliza yote mawili ofisi ya SHA. Halafu swali la mwisho kwa Wakili na Mama Pendo. Kuna mtu kaniambia sheria inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi akiugua. Ipo?

---

Mama Pendo

Ipo, kifungu cha 34. Mwajiri atoe dawa za kutosha mfanyakazi akiugua, na ikiwezekana tabibu kwa ugonjwa mkubwa. Lakini kina mlango wa kutokea: hakimbani kama matibabu yako yanalipiwa na bima iliyoanzishwa kwa sheria. Waajiri wote siku hizi wanapitia mlango huo wakisema SHIF ipo.

---

Wakili wa Mtaa

Na mimi nauliza, kama mwajiri mwenyewe ndiye aliyefanya SHIF isifanye kazi, mlango huo unamfungukia vipi? Kifungu kinasema bima *inayomlipia* mfanyakazi. Huyu hospitali ilisema halipiwi. Basi wakala abebe gharama ya upasuaji.

---

Karani Mstaafu

Hoja nzuri. Wakala atajibu kwamba alilipa, ila kwa namba isiyo sahihi. Na ghala litasema si mwajiri. Ningependa kuona hukumu ya jambo kama hili, maana wanaofanya kazi kupitia mawakala Mlolongo na Athi River ni wengi.

---

Mzee Kobe

Ghala haliponi. Nani anampangia zamu? Nani anamwambia aje au asije? Nani amempa koti la kazi? Kama ni msimamizi wa ghala, huyo ndiye mwajiri, wakala ni mfuko wa kupitishia pesa tu.

---

Kijana wa Makadara

Koti lina nembo ya ghala mgongoni. Zamu anapanga msimamizi wa ghala.

---

Karani Mstaafu

Mzee Kobe ana kitu hapo, ingawa kuna mikataba ya uwakala iliyoandikwa vizuri ambayo hilo halitoshi. Piga picha ya ratiba ya zamu pia.

---

Nahodha Mdogo

Habari wakuu. Nimesoma uzi wote tangu mwanzo. Mimi si kibarua wala si wa majaribio, nina mkataba wa miezi mitatu unaorudiwa. Ninao wa tano sasa, na kati ya mkataba na mkataba kuna siku tano za kukaa nyumbani. Kadi ya kampuni ninayo, lakini kila mkataba mpya tarehe ya kuanza inabadilika. Nina kisukari na juzi dawa zikakataliwa, wakasema ugonjwa uliokuwepo kabla ya kuingia una muda wa kungoja kabla ya kulipiwa. Mwaka jana walikuwa wanalipa!

---

Karani Mstaafu

Nahodha, pole. Hizo siku tano ndizo zinakumaliza. Mkataba ukiisha afisa anakutoa kwenye orodha ili arudishiwe ada, akikuandika upya unaingia kama mgeni na ugonjwa wako unahesabika ulikuwepo kabla. Mkataba ujao, kabla haujaisha huu, mwombe kwa maandishi asikutoe, akuache kwenye orodha hizo siku tano. Ada ya siku tano ni ndogo sana kwake. Akishakutoa, itabidi aiombe kampuni ya bima ikutambue kama uliyeendelea bila kukatika, na hapo unategemea huruma yao.

Mkataba wa sasa unaisha lini?

---

Nahodha Mdogo

Tarehe 27 mwezi huu.

---

Karani Mstaafu

Basi andika leo. Na tarehe 28 asubuhi piga simu namba iliyo nyuma ya kadi uulize kama bado umo, usingoje mpaka dawa ziishe.